Droni ndogo ya mota nne hujisawazisha vipi hewani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya mezani kwangu hapa Dodoma, kwa watu wanaoniletea droni zao: wapiga picha za harusi, vijana wa chuo wanaounda za kwao, na wakulima wa zabibu wa Mpunguzi na Hombolo wanaotaka kuona mashamba yao kutoka juu. Soma kwa mpangilio uliopo, maana kila jibu linaegemea lililotangulia.

Droni ya mota nne ina utulivu wake yenyewe, kama ndege ya mabawa?

Hapana, na hapa ndipo pa kuanzia. Kunja ndege ya karatasi, irushe vibaya upendavyo. Mara nyingi itajiweka sawa na kuteleza mpaka chini, kwa sababu umbo lake linairudisha kwenye mkao. Droni ya mota nne haina umbo la namna hiyo. Ukizifunga mota zake nne zizunguke kwa mwendo uleule bila kitu cha kuzisimamia, itapinduka ndani ya sekunde moja au mbili, hata kama hakuna upepo. Mota mbili hazilingani kamwe, wala mapanga mawili hayalingani.

Mfano ninaoupenda ni mchi wa kinu uliosimamishwa juu ya kiganja. Mchi wenyewe unataka kuanguka muda wote. Unachokiona kimesimama ni kazi ya mkono wako, unaosogea kidogo kidogo kabla mchi haujaenda mbali. Droni nayo inaanguka na kudakwa, inaanguka na kudakwa, mamia ya mara kwa sekunde. Jicho lako halioni chochote zaidi ya kitu kilichotulia.

Kama nikiifunga betri chini kabisa, si itaivuta isimame wima kama timazi?

Wazo hili limenirudia mara nyingi, na hata mimi nililiamini nilipoanza. Timazi la fundi mwashi hunyooka kwa sababu kamba yake imeshikwa mahali pasipoinama. Droni haijashikwa popote. Ikiinama, mapanga yake yanainama pamoja nayo, na msukumo wao unaelekea kulekule ilikoinamia. Uzito nao unavuta kupitia katikati ya mzigo wote, kwa hiyo haupati upande wa kushika ili uizungushe irudi. Betri ya chini na betri ya juu hazitofautiani sana kwa jambo hili. Kinachojali ni betri iwe katikati, isielemee mkono mmoja.

Jairoskopu inapima nini hasa?

Inapima kasi ya kuzunguka. Haipimi droni imeinama kiasi gani, wala iko wapi. Inasema tu: sasa hivi ubavu huu unashuka kwa nyuzi kadhaa kwa sekunde. Tofauti hii ndiyo ufunguo wa maswali yote yanayofuata.

Usitafute gurudumu linalozunguka ndani yake. Kwenye droni ndogo ni kipande cha silikoni. MPU-6000, iliyotumika kwenye bodi nyingi, yaani zile kompyuta ndogo zinazoamuru mota, za watu wanaojiundia droni, ni mraba wa milimita 4 kwa 4 na unene usiofika milimita 1. Ndani yake kuna vipande vidogo mno vinavyotetemeshwa huku na huku maelfu ya mara kwa sekunde. Droni ikizunguka, vipande hivyo vinasukumwa pembeni ya njia yao, na msogeo huo unapimwa kwa umeme. Ukitaka kuuelewa msukumo wenyewe, mweke mtoto kwenye bembea ya kuzunguka ya shuleni, aviringishe gololi kuelekea kwa mwenzake aliyekaa mkabala. Amelenga moja kwa moja, lakini machoni pao wote wawili gololi inapinda. Kadiri bembea inavyozunguka haraka ndivyo inavyopinda zaidi, na ukijua imepinda kiasi gani umeijua kasi ya bembea.

Kipande kimoja kinapima pande tatu: kulala ubavu, kuinamisha au kuinua pua, na kugeuza uso kama mtu anayegeuza shingo. Kinaweza kusoma mpaka nyuzi 2,000 kwa sekunde, yaani zaidi ya mizunguko mitano kamili ndani ya sekunde moja. Droni ya kawaida haifiki huko, ila ikigonga tawi inaweza.

Upepo ukiipiga ghafla, nini kinatokea ndani yake hatua kwa hatua?

Tuchukue droni moja na kuifuata kwa hesabu. Ina uzito wa kilo 1.2, na kila mota iko sentimita 16 kutoka mstari wa katikati. Imesimama hewani juu ya shamba, kwa hiyo kila mota inabeba gramu 300. Mwezi wa tisa, saa saba mchana, kisulisuli kinapita na vumbi lake, kinainua ubavu wa kushoto. Droni inaanza kulalia kulia kwa kasi ya nyuzi 60 kwa sekunde.

Tuseme bodi yake inasoma jairoskopu mara 1,000 kwa sekunde, yaani kila milisekunde moja. Katika milisekunde ya kwanza droni imeinama nyuzi 0.06 tu. Wewe uliyeshika rimoti hujaona kitu na hutaona, lakini bodi imekwisha jua. Inalinganisha: mwenye rimoti ameomba sifuri, jairoskopu inasema 60, tofauti ni 60. Papo hapo inaamuru mota mbili za kulia ziongeze na mbili za kushoto zipunguze.

Sasa inakuja sehemu ya polepole kuliko zote, nayo ni mota. Amri ya umeme inafika mara moja, ila panga lina uzito, haliwezi kubadili mwendo kwa kufumba na kufumbua. Kwa droni ya ukubwa huu tukadirie milisekunde 30. Muda huo wote droni inaendelea kulala, na hadi mota ziitikie imeshainama nyuzi 1.8.

Mota za kulia zinafika gramu 340 kila moja, za kushoto zinashuka mpaka 260. Jumla bado ni 1,200, kwa hiyo droni haipandi wala haishuki. Kilichobadilika ni mgawanyo. Tofauti hiyo, ikishikilia sentimita 16 kila upande, inatosha kuua ile kasi ya nyuzi 60 ndani ya kama milisekunde 50. Wakati inapungua, droni inainama nyuzi nyingine 1.5. Jumla ni nyuzi 3.3, kisha inasimama.

Lakini imesimama ikiwa imeinama. Kama umewasha hali ya kujinyoosha, bodi ina kazi ya pili: inachukua ule mwinamo, inauzidisha kwa namba fulani, tuseme 5, na kujiomba yenyewe kasi ya kurudi ya nyuzi kama 16 kwa sekunde. Jairoskopu inaangalia kama kasi hiyo inapatikana, na mwinamo ukipungua kasi inayoombwa nayo inapungua, mpaka droni inakaa wima taratibu bila kupitiliza. Tangu kisulisuli kipige mpaka hapo, nusu sekunde bado haijaisha.

Umeona kilichoamua mwinamo? Zaidi ya nusu yake ilitokea wakati tunazisubiri mota. Ndiyo maana mapanga mepesi hutulia vizuri kuliko mapanga mazito makubwa kwenye droni ileile, na ndiyo maana sipendi mtu abadilishe mapanga kwa kuangalia bei tu.

Zile herufi P, I na D kwenye skrini ya mipangilio ya bodi zinafanya nini?

Ni namna tatu za kuiangalia ile tofauti kati ya kilichoombwa na kilichopimwa.

P inaangalia tofauti ya sasa hivi. Tofauti kubwa, sahihisho kubwa. Ukiiweka ndogo, droni inakuwa legelege kama gari lenye usukani uliolegea. Ukiizidisha, inasahihisha kupita kiasi, inarudi upande wa pili, inasahihisha tena, na unasikia mtetemo wa haraka hewani.

D inaangalia tofauti inabadilika haraka kiasi gani. Kazi yake ni kufunga breki kabla sahihisho la P halijapitiliza. Ni nzuri sana na ni hatari kidogo. Nitaeleza hatari yake kwenye swali la mota kuchemka.

I inakumbuka. Tuseme umefunga betri sentimita moja kuelekea kushoto. Kila milisekunde kuna kosa dogo la upande uleule. P peke yake inaliona kila mara kama jambo jipya, lakini I inaliongeza kwenye akiba mpaka mota za kushoto zipewe nyongeza ya kudumu. Umewahi kuona droni ikiondoka ardhini inayumba kidogo upande mmoja, kisha inatulia yenyewe? Hapo I ilikuwa inajifunza.

I hiyohiyo ndiyo inayowatisha watu mezani. Umetoa mapanga, umewasha mota, na bila kugusa kitu moja inapanda mwendo polepole mpaka inalia. Watu hunipigia simu wakiamini bodi imekufa. Haijafa. Droni iko mezani, haiwezi kuitikia, kwa hiyo I inaona kosa lisilopungua na inaendelea kulimbikiza. Zima, valisha mapanga, kafanye jaribio lako hewani.

Kwa nini mota mbili huzunguka kulia na mbili kushoto?

Panga linapokata hewa, hewa nayo inalipinga, na upinzani huo unaisukuma fremu izunguke kinyume cha panga. Zote nne zikizunguka upande mmoja, droni nzima ingezunguka kama tiara iliyokatika mkia. Kwa hiyo mota zinazotazamana kwa pembe huzunguka upande mmoja, na pembe nyingine upande wa pili, nguvu zikafutana.

Hapohapo tunapata njia ya kugeuza uso bila mkia wala usukani. Ukitaka pua iende kulia, bodi inaongeza mwendo wa mapanga mawili yanayozunguka kushoto na kupunguza yale mawili mengine. Uzito bado umebebwa, mizani ya pande haijaguswa, ila upinzani wa hewa haufutani tena. Nguvu hii ni ndogo ukiilinganisha na ile ya kuinamisha, ndiyo maana kwenye upepo mkali utaona droni imenyooka vizuri lakini pua inahangaika.

Kama inajisawazisha, mbona upepo unaichukua?

Kwa sababu kukaa wima na kukaa mahali ni mambo mawili. Jairoskopu haijui upepo. Droni inaweza kukaa wima kabisa huku inasafirishwa juu ya mibuyu yote ya njia ya Hombolo, na kwa jairoskopu kila kitu kiko sawa, maana hakuna kinachozunguka.

Hata kujua wima iko wapi, jairoskopu peke yake haitoshi. Inapima kasi, na mwinamo unapatikana kwa kujumlisha kasi hizo moja baada ya nyingine. Ikiwa ina kosa dogo la nyuzi 0.1 tu kwa sekunde, baada ya dakika moja hesabu imepotoka nyuzi 6. Ndipo kinaingia kipimamchapuko, kilichomo kwenye kipande hichohicho, ambacho kinahisi mvutano wa dunia na kujua chini ni wapi. Nacho kina udhaifu wake: droni ikiongeza mwendo ghafla, hakiwezi kutofautisha msukumo huo na mvutano wa dunia. Basi bodi inaamini jairoskopu kwa muda mfupi na kipimamchapuko kwa muda mrefu. Mmoja ni mwepesi lakini anapotoka polepole, mwingine ana kelele lakini hapotei.

Kukaa mahali kunahitaji kitu cha tatu: GPS, au kamera inayotazama chini. Ikiona inasogea, bodi inaiinamisha droni kuelekea upepo. Kwa ile ya kilo 1.2, kuinama nyuzi 15 kunaipa msukumo wa pembeni wa kama nyutoni 3. Kwa hiyo ukiiona droni imesimama mahali pamoja ikiwa imelala upande mmoja, haina ubovu. Imeegemea upepo, kama mtu anavyoegemea mbele akipanda kilima.

Kwa nini naambiwa nisiiguse ninapoiwasha?

Ndani ya sekunde chache za kwanza bodi inasoma jairoskopu na kuchukulia kwamba kinachosomeka ndicho sifuri. Ukiwa umeishika, au umeiwasha juu ya bodaboda inayounguruma, umeifundisha sifuri ya uongo. Iweke chini, unganisha betri, toa mkono, subiri ile milio iishe. Si lazima ardhi iwe sawa kabisa, ila lazima itulie.

Droni iliyotulia vizuri Dar es Salaam, kwa nini hapa Dodoma inakuwa nzito?

Dodoma iko mita kama 1,120 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi. Kwa joto lilelile la nyuzijoto 30, hewa ya hapa ina uzito pungufu kwa asilimia 12 hivi kuliko ya pwani, na panga hupata msukumo kwa kusukuma hewa. Panga lililosimamisha droni kwa mizunguko 5,000 kwa dakika Dar es Salaam litahitaji kama 5,340 hapa.

Watu wengi hufikiria hilo ni suala la betri kuisha mapema tu. Mimi naliona zaidi kama suala la utulivu, na nitalionyesha kwa ile droni yetu. Tuseme mota yake ikifika mwisho kabisa, betri ikiwa imejaa, inatoa gramu 600 pwani. Hapa mwendo uleule unatoa karibu 530. Droni inahitaji 300 kila mota, kwa hiyo imebaki akiba ya 230 ya kusahihisha upepo. Ni nzuri.

Sasa mtu anaifunga mzigo wa nusu kilo. Kila mota inabeba gramu 425 na akiba imeshuka mpaka 105. Bado inaruka, na mwenyewe anafurahi. Lakini betri ya seli nne inaanza na volti 16.8, na ikikaribia kuisha chini ya mzigo inashuka mpaka kama 14. Mwendo wa juu wa mota unafuata volti, na msukumo unafuata mraba wa mwendo. Zile 530 zinakuwa kama 370. Droni inahitaji 425. Haina tena cha kusahihishia, wala haina cha kujibeba.

Dalili huja kabla haijaanguka. Inaanza kushuka yenyewe huku kijiti kiko palepale, kisha upepo ukiipiga inachelewa kunyooka, kisha pua inageuka bila amri, kwa sababu bodi ikikosa akiba huanza kutoa sadaka kugeuza uso ili iokoe mwinamo. Ukiona pua inaponyoka huku umebeba mzigo, shuka pale ulipo. Usijaribu kurudi nyumbani kwanza.

Droni inatetemeka na mota zinachemka. Namba za P, I na D zimeharibika?

Mara nyingi namba hazina kosa. Jairoskopu inadanganywa. Niseme lililonikuta.

Nilikuwa Mpunguzi, napita chini kati ya mistari ya zabibu, panga moja likagusa waya unaobeba mizabibu. Mlio mmoja tu, tik, droni ikaendelea. Nilipotua nikaona kijipande kama punje ya mchele kimekatika kwenye ncha ya panga. Nikaona si kitu, nikaruka tena. Picha zikaja zikichezacheza kama uji kwenye sufuria, na nilipotua baada ya dakika mbili nikagusa mota ya mbele kulia: nilishindwa kuacha kidole. Nikakosea tena. Nikafungua kompyuta nikaanza kubadilisha namba, jioni nzima, na kila badiliko liliharibu kitu kingine.

Chanzo kilikuwa ile punje. Panga likizunguka mara 5,340 kwa dakika, ni mara 89 kwa sekunde, na panga lisilo sawa linaitikisa fremu mara 89 kwa sekunde. Jairoskopu inahisi mtikisiko huo na kuuripoti kwa uaminifu kama droni inayoinama huku na huku. Kuinama halisi kwa droni ni kwa polepole zaidi, mara kadhaa tu kwa sekunde. Na D, ambayo inaangalia kasi ya mabadiliko, inadanganyika kuliko wote: mtikisiko wa mara 89 unabadilika haraka karibu mara 10 kuliko ule wa mara 9 wenye ukubwa uleule, kwa hiyo D inaupigia kelele mara 10. Mota inaamriwa ongeza, punguza, ongeza, punguza, haraka kuliko panga linavyoweza kufuata. Umeme unaoingia haugeuki mwendo, unageuka joto.

Bodi zina vichujio vya kuzuia kelele hiyo. Ila kila kichujio kinachelewesha habari kidogo, na kuchelewa ndiko kunakoongeza mwinamo, kama tulivyoona kwenye kisulisuli. Ukizidisha vichujio ili kuficha panga bovu, umenunua ukimya kwa kuuza utulivu. Anza na vitu vya kushikika. Badilisha panga. Kama ni jipya na bado linatikisa, lipitishie pini katikati, lione linaangukia upande gani, bandika kipande cha selotepu upande mwepesi. Kisha toa mapanga yote, zungusha mota moja moja: inayokwaruza imeingia vumbi kwenye beringi, na vumbi letu jekundu ni jembamba sana, linapita kila mahali. Mwisho angalia vile vipira vilivyo chini ya bodi. Skrubu zikikazwa mpaka vipira vikabonyea, vimekuwa kama chuma na havizuii chochote.

Nimeunda ya kwangu. Nikiiondoa tu ardhini inapinduka papo hapo. Kwa nini?

Ikipinduka papo hapo, kila mara, upande uleule, usiguse namba. Bodi inasahihisha kinyume: inaona ubavu wa kulia unashuka, inaongeza nguvu mahali pasipo pake, inaanguka zaidi, inaongeza tena. Kuna mambo matatu tu ya kuangalia, na yote huangaliwa bila mapanga.

La kwanza, mpangilio wa mota. Kwenye programu ya bodi ya Betaflight, mota 1 ni ya nyuma kulia, 2 ya mbele kulia, 3 ya nyuma kushoto, 4 ya mbele kushoto. Izungushe moja moja kutoka kwenye kompyuta uone inayozunguka ndiyo iliyotajwa.

La pili, uelekeo wa kuzunguka na panga lililo juu yake. Panga la mota inayozunguka kulia likivalishwa kwenye inayozunguka kushoto linasukuma hewa juu badala ya chini. Ukingo ulioinuka wa panga ndio unaopaswa kutangulia kukata hewa.

La tatu, mshale wa bodi. Bodi ina mshale mdogo unaopaswa kuelekea mbele. Nafasi ikikosekana, watu huizungusha robo ili tundu la waya lipate pa kutokea, wakasahau kuiambia. Hapo ukiinamisha pua, bodi inadhani umelala ubavu. Inamisha droni kwa mkono huku unaangalia picha yake kwenye skrini. Ikiinama tofauti na mkono wako, umepata ugonjwa. Bodi iliyozungushwa robo kulia inarekebishwa kwa kuandika hivi kwenye ukurasa wa CLI wa Betaflight:

```
set align_board_yaw = 90
save
```

Kisha inamisha tena uone. Kama bado picha haifuati mkono, jaribu 270 na uangalie upya kabla hujavalisha mapanga.

Mota moja ikizima angani, zile tatu haziwezi kuiokoa?

Kwa droni nyingi za sokoni, hapana. Ile inayotazamana kwa pembe na iliyokufa haiwezi kuvuta upande wake bila kuipindua droni, na mapanga yaliyobaki hayafutani tena. Mwaka 2014 watafiti wa chuo cha ETH Zurich walichapisha njia ya kuiongoza droni ya mota nne iliyopoteza panga moja, mawili, hata matatu, kwa kuiacha izunguke kama pia na kuongoza huo mzunguko wenyewe. Inahitaji programu iliyoandikwa kwa ajili hiyo. Droni za mota sita au nane zina nafasi zaidi, maana jirani wanaweza kugawana mzigo, ikiwa tu wana akiba.

Ikianguka, usitupe video. Droni iliyopoteza mota huzunguka upande uleule ambao panga la mota iliyokufa lilikuwa linazunguka. Hilo linakuachia mota mbili za kushuku kati ya nne, na kona iliyotangulia kushuka inakuonyesha ni ipi. Anza kukagua waya wa mota hiyo pale ulipochomelewa kwenye bodi.